Punda wa Dobi Mbele ya Mtahini: Simulizi na Andishi Katika Karatasi ya Kiswahili

Mwamshe usiku wa manane mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili, umwulize tofauti kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi. Kabla hajafungua macho vizuri atakuwa amekwisha kukutajia tano. Simulizi huwasilishwa kwa mdomo, andishi kwa maandishi. Simulizi huhifadhiwa kichwani, andishi kitabuni. Simulizi ni mali ya jamii nzima, andishi ni mali ya mtunzi. Simulizi hubadilika, andishi haibadiliki. Simulizi ni kongwe, andishi ni changa. Akiwa mwanafunzi mzuri ataongeza ya sita, kwamba wahusika wa simulizi ni wanyama, miti na mazimwi, ilhali wa andishi kwa kawaida ni binadamu.

Jedwali hilo limenakiliwa kutoka ubaoni kwenda daftarini kwa vizazi kadhaa, Tanzania na Kenya, na limewapa watahiniwa alama nyingi. Si la uongo. Kila mstari wake una ukweli fulani, na mwalimu anayelifundisha anafuata vitabu na miongozo aliyopewa. Tatizo linaanza pale swali la mtihani linapoichukua mistari yote sita kana kwamba ina uzito mmoja, na kumtaka mtoto atumie mstari wowote kuamua kama kazi fulani ni simulizi au andishi. Hapo baadhi ya mistari hushika na mingine hukatika, na anayeumia mara nyingi si mwanafunzi mvivu. Ni yule aliyesoma kupita daftari.

Wataalamu wenyewe hawakuanza na jedwali. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika na baadaye katika kitabu alichowaandikia wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1996, aliitazama fasihi simulizi kama tukio. Kwake yeye kuna mambo sita yanayokutana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Bibi akitamba ngano jioni barazani mbele ya wajukuu, mambo yote sita yapo. Wajukuu wakilala, bibi akinyamaza, tukio limekwisha. Kilichobaki kichwani mwa mtoto ni kumbukumbu ya tukio, na siku atakapoitamba yeye litakuwa tukio jipya, lenye fanani mwingine na hadhira nyingine.

Ruth Finnegan, aliyekuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, alirudi mwaka 1977 na kitabu kuhusu ushairi simulizi, akagawa suala hilo katika maswali matatu. Kazi imetungwaje? Imefikishwaje kutoka mtu hadi mtu, kizazi hadi kizazi? Na inatendwaje mbele ya watu? Kazi moja inaweza kuwa simulizi kwa jibu la swali moja na andishi kwa jibu la swali jingine. Hili ndilo jambo ambalo jedwali la daftarini haliwezi kulisema, kwa sababu limeyabana maswali matatu ndani ya safu mbili, na kila kazi ya fasihi inalazimishwa kukaa upande mmoja tu.

Njia nzuri ya kulijaribu jedwali ni kulipa ngano moja halisi. Iko moja inayojulikana sana pwani, kisa cha punda wa dobi. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja katika miaka ya 1860, aliisikia pamoja na hadithi nyingine, akazichapisha London mwaka 1870 kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Kwa ufupi, kima anayeishi juu ya mti ulioinamia baharini anafanya urafiki na papa na kumtupia matunda kila siku. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anajibu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, kwani kima wote huacha mioyo yao mtini wanapotoka. Papa anageuza njia. Kima akishafika juu ya mti wake hashuki tena, na papa anapomwita anamwuliza kama anamdhani yeye ni punda wa dobi.

Hapo inaingia hadithi ndani ya hadithi. Punda wa dobi alikimbilia mwituni, akanenepa. Sungura akamshawishi aende kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akashawishiwa tena na kurudi kuuawa. Simba aliporudi kula akakuta moyo na masikio havipo. Sungura, aliyekwisha kuvila, akamweleza kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio tangu mwanzo. Angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Ngano hii ina kila sifa ambayo mwanafunzi angeitambua. Wanyama wanazungumza, mdogo anamshinda mkubwa kwa akili, na mtunzi wake hatajwi. Angeulizwa kwenye mtihani, asingesita kuandika simulizi.

Sasa ipitishwe kwenye jedwali. Kisa hichohicho, chenye mnyama wa majini anayetaka moyo wa nyani na chenye punda asiye na moyo wala masikio, kimo katika Kalila na Dimna, kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Yeye alikitoa kwenye maandishi ya Kiajemi cha kati, nayo yalitoka kwenye mkusanyiko wa hadithi wa Kihindi ulioandikwa kwa Kisanskriti. Hata dobi yumo kitabuni. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja kabla Steere hajashika kalamu, hadithi hii ilikuwa kwenye karatasi. Iwe ililetwa pwani na msomaji wa Kiarabu, au na baharia wa Kihindi aliyeisikia kwao, ngano ya Unguja ina ndugu wa maandishi wenye umri mkubwa kuliko yeye. Mstari wa ukongwe unakatika hapo. Ni kweli kwamba binadamu walisimulia kabla ya kuandika, lakini ukweli huo unahusu historia ya mwanadamu kwa jumla. Haumsaidii mtahiniwa kuainisha kazi moja iliyo mbele yake.

Mstari wa uhifadhi nao hauna nguvu zaidi. Ngano imekaa vitabuni, ikakaa vichwani mwa watu wa Unguja, ikarudi kitabuni mwaka 1870. Mstari wa umiliki unategemea umeingilia wapi: ukisimama kwa Ibn al-Muqaffa kuna mwandishi anayejulikana kwa jina, ukisimama Unguja hakuna. Na wahusika ni wanyama kote, kwenye kitabu na kwenye baraza, kama walivyo wanyama katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ambayo hakuna anayedai ilitambwa jioni na bibi.

Mstari wa mabadiliko unastahili kutazamwa taratibu, kwa kuwa una ukweli zaidi kuliko mingine. Katika Kalila na Dimna mnyama wa majini ni kasa, na mgonjwa ni mkewe. Anayemlaghai punda ni mbweha. Pwani, kasa amekuwa papa, mke amekuwa sultani, mbweha amempisha sungura, yule mjanja ambaye hadhira ya hapa humtarajia. Haya ni mabadiliko ya ngano iliyopita midomoni mwa watu wanaoijua bahari yenye papa na wanaojua sultani ni nani. Lakini hata Kalila na Dimna ya maandishi ilibadilika. Nakala zake za Kiarabu zinatofautiana mno, kwa sababu wanakili waliongeza, walipunguza na kurekebisha walivyoona inafaa. Kauli kwamba andishi haibadiliki inafaa zaidi kwa vitabu vilivyopigwa chapa, na hata hivyo si vyote.

Kinachosimama imara mwishoni ni mstari mmoja, ule wa uwasilishaji, mradi ueleweke kwa upana wake. Katika ukurasa wa Steere hakuna anayejibu. Papa hana sauti nzito na kima hana sauti nyembamba. Hakuna mtoto anayecheka kabla ya wakati na kumlazimisha mtambaji arefushe pale kima anapojidai kuusikitikia moyo wake. Maneno yapo, tukio halipo. Jibu sahihi la kitaalamu kuhusu ukurasa ule ni kwamba una ngano ya fasihi simulizi iliyohifadhiwa kwa maandishi. Jibu hilo linachukua mstari mzima, na karatasi nyingi za mtihani hazina nafasi ya mstari mzima. Zina herufi A hadi D.

Chukua swali la kuchagua la aina ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameliona au amelitunga mwenyewe:

Ipi kati ya zifuatazo si sifa ya fasihi simulizi?
A. Huwa na fanani na hadhira.
B. Ni mali ya jamii nzima.
C. Huweza kubadilika kulingana na wakati na mahali.
D. Huhifadhiwa katika maandishi.

Jibu linalotarajiwa ni D. Mtunzi ameufuata mstari wa pili wa jedwali, na mwanafunzi aliyelikariri atapata alama yake. Ajabu ni kwamba mada ileile darasani huwa na kipengele kingine, njia za kuhifadhi fasihi simulizi, na humo hutajwa kichwa, maandishi, kanda za kunasia sauti na video. Mwanafunzi anayezikumbuka mada zote mbili anajikuta amekwama. D ni kweli kwa mujibu wa mada moja na si kweli kwa mujibu wa nyingine.

Anapokwama, hutazama machaguo yaliyobaki, na B inaanza kumvutia. Majigambo, kwa mfano, hutungwa na mtu mwenyewe akijisifu kwa matendo yake; hakuna mwingine awezaye kuyadai. Mfano mwingine ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu wa mji kwa miongo kadhaa, zikakusanywa na Mwalimu Sikujua na William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na diwani yake ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Miaka yote hiyo zilipokuwa zikikumbukwa kwa moyo, waliozikariri walijua ni za Muyaka. Zilipita kwa mdomo na zilikuwa na mwenyewe. Mwanafunzi anayejua hayo atachagua B, atakosa, na hatapata nafasi ya kueleza kwa nini.

Dalili ya swali bovu la aina hii ni rahisi kuipata. Mtunzi azungumze na mwanafunzi wake bora kabla ya kuligawa, amwombe atetee jibu lisilo sahihi. Akiweza kulitetea kwa hoja iliyomo kwenye silabasi hiyohiyo, shina la swali lina kasoro. Mara nyingi kasoro iko kwenye kitenzi. «Huhifadhiwa» haisemi kama ni mara zote, mara nyingi au inawezekana tu. Hali hii ya hu-, ambayo kwa lugha ya kila siku ni nzuri kwa mambo ya mazoea, kwenye swali la kuchagua inaacha mlango wazi pande zote.

Swali hilo linaweza kuponywa bila kuongezwa ukubwa. Badala ya kuuliza sifa hewani, mtunzi anaweza kuleta tukio: mwalimu amefungua kitabu cha ngano na kuisoma darasani neno kwa neno, wanafunzi wakisikiliza kimya hadi mwisho. Kisha aulize ni kipengele gani cha utendaji wa fasihi simulizi kilichokosekana zaidi hapo, na machaguo yawe hadhira, ushirikishwaji wa hadhira, mahali na wakati. Hadhira ipo, mahali papo, wakati upo. Kilichokosekana ni ushirikishwaji. Mwanafunzi aliyekariri jedwali pekee atahangaika, na aliyeelewa utendaji atajibu kwa sekunde chache.

Maswali ya kuoanisha yana ugonjwa mwingine. Hapa istilahi hupangwa upande mmoja na maana zake upande wa pili, na tatizo huwa istilahi kuwa mzazi na mtoto katika orodha moja. Kisa cha kima na papa ni ngano. Kwa kuwa wahusika wake ni wanyama, vitabu vingi vitakiita pia hurafa. Kwa kuwa kinahusu ujanja unaookoa maisha, mwanafunzi anaweza kukiona ni hekaya. Akiona papa, kima na sultani wanasimama badala ya watu wa aina fulani, atasema ni istiara. Orodha ikiwa na «ngano» na «hurafa» pamoja, na maelezo yakasema «hadithi fupi yenye wahusika wanyama inayotoa funzo», majibu yote mawili ni sahihi, kwani hurafa ni aina ya ngano. Mtunzi alikusudia moja. Anayetaka kuepuka hili hana haja ya kubuni mambo makubwa: istilahi zote kwenye orodha ziwe za ngazi moja, ama tanzu zote, ama vipera vyote vya utanzu mmoja.

Istiara nayo inaleta mgongano wake. Katika uainishaji wa masimulizi ni jina la hadithi yenye maana iliyofichwa. Katika orodha ya tamathali za usemi, hasa kwenye baadhi ya vitabu vya Kenya, neno hilohilo hutajwa sambamba na sitiari, yaani kulifananisha jambo na jingine bila kiunganishi. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, ilisaidia sana kutenganisha istilahi za namna hii, lakini mwanafunzi hafanyi mtihani na kamusi mkononi. Anafanya na daftari kichwani, na daftari la Mwanza si daftari la Machakos. Huku atafundishwa tashibiha na mubaalagha, kule tashbihi na chuku. Huku fanani, kule mtambaji. Mtoto aliyehama shule kuvuka Namanga atahitaji muhula mzima kujua kwamba amehama majina tu.

Kenya imepata namna moja ya kupunguza adha hii. Katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne, ile ya fasihi yenye alama 80, ambamo kila swali lina alama 20, sehemu ya fasihi simulizi mara nyingi humpa mtahiniwa kifungu cha kusoma, wimbo au ngano fupi, kisha humtaka atambue kipera na kutoa ushahidi kutoka kifunguni. Neno lenye uzito hapo ni ushahidi. Anayesema kisa cha papa ni hurafa akaonyesha wanyama, na anayesema ni ngano akaonyesha funzo na muundo, wote wana pa kusimama, na msahihishaji ana cha kupima zaidi ya jina. Udhaifu wake unaonekana pale mwongozo unapotoa alama kwa jina la kipera na kuuacha ushahidi bila alama, au unapokubali jina moja tu. Hapo swali zuri linageuka bahati nasibu.

Linabaki swali la insha, na ndilo kubwa kuliko yote. «Fafanua tofauti tano kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi.» Wasahihishaji wenye uzoefu wanajua makosa yake kwa macho. La kwanza ni tofauti isiyo na kigezo cha pamoja. Mtahiniwa anaandika kwamba fasihi simulizi huhifadhiwa kichwani ilhali fasihi andishi ina mwandishi anayejulikana. Sentensi inasikika vizuri, lakini nusu yake ya kwanza inahusu uhifadhi na ya pili umiliki. Hakuna tofauti iliyotajwa hapo. Kuna sifa mbili zilizounganishwa kwa neno «ilhali». Kosa la pili ni mzunguko: fasihi simulizi ni ile inayosimuliwa na andishi ni ile inayoandikwa. La tatu ni kufafanua bila mfano, au kwa mfano usiohusika, kama mtahiniwa anayetaja Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kama mfano wa fasihi simulizi kwa sababu tu ameiona ikiigizwa jukwaani.

Mfano huo wa Kinjeketile unastahili kuonewa huruma kidogo, kwa sababu mtahiniwa hakukosea kote. Tamthilia hiyo, iliyochapishwa mwaka 1969, ilitungwa kwa kuandikwa na ikasambaa kwa kuchapishwa, lakini ikipanda jukwaani inakuwa na watendaji, hadhira, mahali na wakati. Kwa maswali mawili ya Finnegan ni andishi, kwa la tatu ina utendaji. Hussein mwenyewe na Penina Muhando walikwenda mbali zaidi katika kazi nyingine. Ngao ya Jadi ya Hussein imejengwa kwa umbo la utambaji, na katika Lina Ubani ya Penina Muhando bibi anatamba ngano ndani ya tamthilia. Mtahiniwa anayeweza kusema «ni andishi iliyochota mbinu za simulizi, nayo hutendwa jukwaani» ameonyesha ujuzi kuliko aliyeorodhesha tofauti tano kavu.

Je, mwongozo wa kusahihisha utamwona? Hilo linategemea ulivyoandikwa. Mwongozo unaosema «hoja zozote tano, kila hoja alama mbili», ukifuatiwa na orodha ya maneno makuu, humfanya msahihishaji atafute maneno hayo: mdomo, maandishi, jamii, mtunzi, kongwe. Akiwa na mamia ya karatasi mezani na saa za kikao zinakwenda, atatafuta kwa macho kabla ya kusoma. Anayeandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba mtambaji hurefusha au hufupisha kwa kuwatazama wasikilizaji wake huenda akapita bila kuonekana, ingawa ameutaja utendaji kwa usahihi kuliko neno «mdomo». Mwongozo bora hugawa alama: sehemu kwa kigezo, sehemu kwa pande mbili za kigezo hicho, na sehemu kwa mfano unaokithibitisha. Hapo sentensi ya uhifadhi na mwandishi inakosa alama ya upande wa pili moja kwa moja, na aliyeandika juu ya mtambaji anayewatazama wasikilizaji anapata zote akiongeza upande wa andishi na mfano.

Kuna hoja ya watunzi wa mitihani ambayo si ya kupuuzwa. Mtihani wa taifa unafanywa na wanafunzi wengi mno, unasahihishwa na watu wengi kwa muda mfupi, na lazima jibu moja lipate alama ileile Kigoma na Tanga. Jedwali lina sifa hiyo: linasahihishika kwa usawa. Swali la wazi sana kama «Jadili iwapo kisa cha punda wa dobi ni fasihi simulizi au andishi» lingempa msahihishaji mmoja hamu ya kuandika alama 15 na mwingine 7 kwa karatasi moja. Kwa hiyo suluhisho halipo katika kuliacha jedwali. Lipo katika kujua mstari upi unaweza kubeba swali na upi hauwezi.

Kwa kipimo hicho, mstari wa uwasilishaji na utendaji unaweza kubeba swali la kuchagua, la kuoanisha na la insha, kwa sababu ndio unaozitenganisha aina mbili kwa asili yake. Mstari wa mabadiliko unaweza kubeba insha, mradi mtahiniwa aruhusiwe kutaja mipaka yake. Mstari wa umiliki na wa uhifadhi unafaa tu pale swali linapotumia maneno ya kadiri kama «kwa kawaida» au «mara nyingi». Mstari wa ukongwe na wa wahusika wanyama haufai kubeba swali lolote la kuainisha kazi, ingawa unafaa kuulizwa kama hoja ya kujadiliwa.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye sampuli za majibu mazuri na mabaya, na taarifa za somo la Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu anayetunga jaribio la muhula ana pa kuanzia. Achukue taarifa hizo, atafute majibu mabaya ya mada hii, kisha ajiulize kwa kila moja kama mtahiniwa alikosa kuelewa au aliujibu mstari wa jedwali ambao hauwezi kubeba swali. Akifika kwenye karatasi yake mwenyewe, aondoe lile swali la «ipi si sifa», na mahali pake aweke ngano fupi ya mahali alipo, iliyoandikwa kama inavyotambwa, na swali moja: onyesha mambo matatu katika kifungu hiki yanayothibitisha kwamba kilitambwa mbele ya watu kabla hakijaandikwa.